Mshahara ukiingia, Fuliza inakula kwanza

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Likoni, nafundisha chekechea ya kibinafsi. Mshahara wangu ni shilingi 24,000 na huingia kwenye M-PESA tarehe 5. Ukiingia tu, ujumbe wa pili unafuata: zaidi ya elfu tano zimekwenda kulipa Fuliza, ule mkopo wa M-PESA wa kupitiliza salio. Nalipa kodi ya nyumba 7,000, nanunua unga na mafuta, na ikifika tarehe 12 hivi salio ni sufuri. Mwezi uliopita nilifuliza 1,400 tarehe 12 kwa ajili ya gesi na umeme, 1,500 tarehe 15 kumtumia mama, na 2,000 tarehe 20 mchango wa chama. Mwezi wa kabla yake ulikuwa hivyo hivyo.

Sikuwa na wasiwasi, kwa sababu shilingi 25 kwa siku si kitu, ni bei ya maandazi. Tena kiwango changu kimepandishwa mpaka 6,000, nikaona basi ninaaminika. Lakini kuna jambo limenikosesha usingizi. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha kina mama kumi. Wenzangu wawili walinitumia michango yao, 2,000 kila mmoja, na zote 4,000 zikamezwa na deni langu. Ilibidi nifulize tena ili nipate pesa za kumkabidhi mwenye zamu. Hakuna aliyejua, ila mikono ilinitetemeka.

Nimefikiria mambo matatu. Nichukue mkopo wa chama nimalize deni, ingawa riba yetu ni asilimia 10 kwa mwezi. Au ninunue laini nyingine, nimpe mwajiri namba hiyo, Fuliza isiuone mshahara. Au nisubiri zamu yangu ya chama mwezi wa Novemba, ila pesa hizo niliziweka kwa cherehani. Mume wangu hajui lolote. Yeye anaamini tunajikimu vizuri. Nimwambie? Nifanye nini?

Mama Wawili, Likoni

JIBU

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kuandika tarehe na kiasi, kwa sababu kwa deni la aina hii tarehe ina uzito kuliko kiasi. Naomba tuipige hesabu ya mwezi wako kwanza, polepole, halafu turudi kwenye yale mambo matatu.

Fuliza ilipoanzishwa Januari 2019, na Safaricom pamoja na benki za KCB na CBA (ambayo leo ni NCBA), iliwekewa gharama za namna mbili. Ya kwanza ni ada ya kufuliza, asilimia 1 ya kiasi unachochukua, inayokatwa mara moja tu. Ya pili ni ada ya kila siku, na hii haihesabiwi kwa asilimia. Inakwenda kwa ngazi. Tangu viwango viliposhushwa Oktoba 2022, deni la kati ya 1,001 na 1,500 hutozwa 18 kwa siku, la 1,501 hadi 2,500 hutozwa 20, na kuanzia 2,501 hadi kilele cha 70,000 ni 25 kwa siku. Deni lisilozidi 1,000 lina siku tatu za mwanzo bila ada ya siku, kisha linatozwa shilingi chache tu. Nitahesabu kwa viwango hivi, na ushuru wa serikali nitauacha kando. Ukitaka kujua ada za siku zinazokuhusu, piga `*334#`, ingia Fuliza M-PESA, kisha `Query Charges`.

Haya, tarehe 12 umechukua 1,400. Ada ya kufuliza ni 14, deni likawa 1,414, na kila siku linaongezeka 18. Kufika tarehe 15 limepanda kwa 54, limekuwa 1,468. Hapo umemtumia mama 1,500, ada yake 15, jumla 2,983. Umeshavuka ngazi ya juu, sasa ni 25 kwa siku. Siku tano baadaye deni ni 3,108. Tarehe 20 umeongeza 2,000 za chama na ada ya 20, tuko 5,128. Kutoka hapo mpaka tarehe 5, kwa mwezi wa siku 30, ni siku kumi na tano za shilingi 25, yaani 375. Mshahara unapoingia unakuta deni la 5,503.

Ulichukua 4,900 na umelipa 5,503. Gharama ni 603. Sasa zitenganishe: ada tatu za kufuliza kwa jumla ni 49, na ada za siku ni 554. Watu wengi huangalia ile asilimia 1 kwa sababu ndiyo inayoonekana kwenye ujumbe wakati wa kufuliza, nao wanasema huu mkopo ni nafuu mno. Kweli, kuingia ni rahisi. Kinachokula pesa ni siku zile ishirini na tatu za kukaa ndani. Mama anayefuliza 1,400 tarehe 3 na mshahara wake ukaingia tarehe 5 analipa 14 na siku mbili za 18, basi. Huyo anatumia chombo kilekile unachotumia wewe, ila kwake ni daraja la siku mbili.

Ndiyo maana naomba uitazame tena ile kauli ya bei ya maandazi. Ukizidisha 603 kwa miezi kumi na miwili unapata 7,236, ambayo ni kodi ya nyumba yako ya mwezi mzima na chenji. Na ukitaka kulinganisha na overdrafti ya kawaida ya benki, ile hutoza riba ya mwaka inayohesabiwa kila siku juu ya kiasi ulichopitiliza. Tuseme riba ni asilimia 20 kwa mwaka na umepitiliza 5,000: riba ya siku moja ni chini ya shilingi 3. Benki nayo ina njia zake za kukuongezea, kama ada ya kuandaa mkopo na adhabu ukivuka kiwango mlichokubaliana, na mwenye mshahara mdogo si rahisi kuipata. Siisifu benki. Nataka uone tu kwamba 25 kwa siku juu ya elfu tano ni karibu asilimia 15 kwa mwezi, zaidi hata ya ile asilimia 10 ya chama chenu inayokutisha.

Mpango huu wa ngazi una tabia mbili ambazo usipozijua zitakuchezea. Ya kwanza ni kwamba ada yenyewe inaweza kukupandisha ngazi. Lile deni la 1,468 la tarehe 15, hata kama usingemtumia mama chochote, baada ya siku mbili lingekuwa 1,504 na kuhamia kwenye ada ya 20. Ya pili ndiyo kubwa zaidi. Ukiwa na deni la 5,128 na mtu akakutumia 500, zinamezwa zote, unaona ujumbe wenye maneno `partially pay`, na moyo unatulia kidogo kwamba deni limepungua. Limepungua kweli, lakini ada ya siku haijapungua hata senti, kwa sababu 4,628 bado iko ngazi ileile ya 25. Ili ada ishuke ni lazima deni lifike 2,500 au chini. Na ukizifuliza tena zile 500 jioni, umeongeza shilingi 5 za ada. Basi vijipesa vinavyoingia katikati ya mwezi vinapunguza deni bila kupunguza gharama ya siku, halafu mfuko unabaki mtupu na unarudi kufuliza. Nisieleweke vibaya, shilingi iliyolipa deni haijapotea. Ila nafuu inayoonekana mfukoni huja deni linaposhuka ngazi, na kubwa kuliko zote huja linapokwisha kabisa.

Usikubali hesabu yangu kwa sababu nimeiandika mimi. Omba taarifa ya M-PESA ya mwezi mzima, inakuja kwa barua pepe. Chagua kipindi kinachoanza baada tu ya mshahara kulipa deni, kiishie baada ya mshahara unaofuata kulilipa tena. Kila ulipofuliza utaona mstari wenye maneno `OverDraft of Credit Party`, na kila palipolipwa utaona `OD Loan Repayment to 232323 - M-PESA Overdraw`. Jumlisha ya kwanza, jumlisha ya pili, toa. Tofauti ndiyo gharama uliyolipa. Fanya hivyo kwa miezi mitatu, kwa kalamu na karatasi, usiku mmoja watoto wakishalala.

Sasa nikuonyeshe kitu ambacho barua yako haikukiona. Kila mwezi unapata 24,000, unalipa 5,503, unabaki na 18,497. Kisha unafuliza 4,900. Ukijumlisha, maisha yako ya mwezi yanagharimu 23,397. Hiyo ni chini ya mshahara wako. Tofauti yake ni zile 603 za Fuliza, hasa. Kwa maneno mengine, huishi kupita kipato chako. Kuna mwezi mmoja huko nyuma ulipitiliza kwa kama elfu tano, pengine mtoto aliugua au ada ya shule ilikuja ghafla, na shimo hilo moja umekuwa ukilibeba kutoka mwezi hadi mwezi ukililipia kodi. Ni muhimu kulijua hili, kwa sababu anayepungukiwa kila mwezi dawa yake ni nyingine, ni kupunguza matumizi au kuongeza kipato. Wewe unahitaji elfu tano na mia tano mara moja tu, kwa bei isiyozidi unayolipa sasa. Hapo ndipo tuyapime yale mambo yako.

Mkopo wa chama. Ukichukua 5,500 kwa asilimia 10 kwa mwezi, riba ya mwezi wa kwanza ni 550. Kumbuka ziada yako baada ya kuondokana na Fuliza ni 603. Riba ikichukua 550, zinabaki 53 za kupunguza mkopo wenyewe. Utakuwa umehama nyumba ukakuta kodi ileile. Mkopo huo unaweza kufaa kwa hali moja: ikiwa una hakika ya pesa nyingine ndani ya mwezi mmoja au miwili ya kuumaliza. Uliza pia kama riba yenu inahesabiwa juu ya kiasi cha mwanzo au juu ya kinachobaki, maana vyama vingi havikuandika, na tofauti huonekana siku ya kugombana. Kama wewe ni mwanachama wa sako, mambo ni tofauti kabisa. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, ambayo sako nyingi hutoza, 5,500 kwa miezi mitatu ingekugharimu kama 110 hivi kwa jumla. Lakini sako hutaka akiba na wadhamini kwanza, kwa hiyo si mlango wa kubisha leo ukafunguliwa kesho.

Kuna mlango ambao hukuutaja, nao ni mwajiri wako. Mwalimu mkuu au mwenye shule anaweza kukutangulizia 5,500 bila riba na kukata kidogo kidogo. Hapa tena angalia hesabu kabla ya kukubali. Akikata 1,100 kwa miezi mitano, utabaki na 22,900, na maisha yako yanataka 23,397. Utapungukiwa karibu 500, na tarehe 28 utajikuta unafuliza tena huku unakatwa mshahara. Akikubali 550 kwa miezi kumi, inaingia ndani ya ziada yako bila kugusa chakula. Wengi huomba kukatwa haraka kwa sababu ya aibu, na haraka hiyo ndiyo inayowarudisha. Wewe ndiye unayejua kama shule yako ni mahali ambapo ombi kama hilo linabaki siri ya ofisi au linafika jikoni kabla ya saa nne.

Zamu ya chama. Kina mama kumi kwa 2,000 ni 20,000. Ukitoa 5,503 unabaki na 14,497, na cherehani inasogea mbele kidogo. Hapana riba, hapana mdhamini. Swali ni Novemba iko mbali kiasi gani, kwa sababu kila mwezi wa kusubiri ni 603. Je, umewahi kufikiria kubadilishana zamu na mwenzako ambaye hana haraka na yake? Katika vyama vingi hilo hufanyika bila kelele. Ugumu wake kwako ni kwamba wewe ni mweka hazina, na mweka hazina akiomba kusogezewa zamu watu huuliza. Utajua mwenyewe kama swali hilo unaweza kulijibu kwa utulivu.

Au unaweza usikope popote, ukakata matumizi kwa 500 kila mwezi, yaani ukaishi kwa 22,897 badala ya 23,397. Nimeifuata hesabu hiyo mwezi kwa mwezi. Kiasi unachofuliza kinashuka kutoka 4,900 hadi 4,400, kisha kama 3,850, kisha 3,250, na mwendo unaongezeka kwa sababu siku ya kwanza ya kufuliza inasogea mbele na ngazi zinashuka. Ukifika mwezi wa saba hivi unakuwa huru. Ni njia ndefu, na mwezi mmoja wa mtoto kuugua unaweza kuirudisha nyuma hatua mbili. Uzuri wake ni kwamba haimhitaji mtu yeyote akukubalie. Na hapa pana jambo dogo la tarehe: malipo yasiyo na siku maalumu, kama yale ya mama, ukimwomba mama ayapokee tarehe 6 badala ya 15, mwezi wa kuhamisha unapata nafasi ya kupumua ya 1,500. Ni mara moja tu, kwa sababu mwezi unaofuata zinatoka mapema, lakini shimo lako nalo ni la mara moja.

Laini mpya ndiyo inayonipa wasiwasi, ingawa ndani yake mna wazo zuri. Ukihamisha mshahara deni likiwa bado lipo, deni halihami wala halilali. Ukitazama ujumbe wa kila unapofuliza, kuna tarehe ya mwisho ya kulipa, kama mwezi mmoja mbele. Ada inaendelea kuingia, tarehe inapita, kiwango chako kinaweza kukatwa, na deni lisilolipwa linaweza kuishia kwenye orodha ya wadaiwa ya CRB, ambako benki na sako nyingi huangalia kabla ya kukukopesha. Utakuwa umejifungia ile milango nafuu kuliko yote. Lakini deni likishakwisha, kutenganisha pesa ni jambo jema sana. Mshahara ukiingia kwenye akaunti ya benki au ya sako, wewe ukajihamishia M-PESA kiasi cha wiki tu, utaona upungufu ukija Alhamisi ya wiki ya pili badala ya kuugundua duka la gesi.

Tuongee kuhusu zile 4,000 za wenzako, maana nadhani ndizo zilizokufanya uandike. Kwa shilingi, tukio lile lilikugharimu 40, asilimia 1 ya kufuliza tena. Ndogo. Hatari ilikuwa kwingine: uliweza kuzirudisha kwa sababu tu kiwango chako siku ile kilikuwa bado 6,000. Kiwango hicho hupandishwa na kushushwa na mfumo, unaoangalia unavyotumia laini na unavyolipa. Si akiba yako, na sina hakika kwamba kupandishwa kwake ni ishara ya kuaminika kama ulivyosema. Kingekuwa kimeshushwa hadi 2,000 asubuhi ile, ungemkabidhi nini mwenye zamu? Fuliza haitofautishi pesa yako na ya chama. Chochote kinachoingia kwenye laini yenye deni kinalipa deni kwanza. Kwa hiyo, lolote utakaloamua kuhusu mengine, kabla ya tarehe ya mchango unaofuata tafuta pa kupokelea michango hiyo pasipo na deni: akaunti ya benki ya chama yenye watia saini wawili au watatu, au kwa muda laini ya mwenyekiti ambayo haijajiunga na Fuliza. Huhitaji kueleza historia yako yote. Kusema kwamba si vizuri pesa za watu kumi kukaa kwenye simu ya mtu mmoja ni kweli hata kama usingekuwa na deni.

Ukimaliza deni, kwa njia yoyote, utakutana na uamuzi mwingine siku hiyohiyo. Kwenye menyu ya Fuliza kuna chaguo la kujiondoa, nalo hufanya kazi tu ukiwa hudaiwi. Ukijiondoa, malipo yasiyotoshelezwa na salio yatakataliwa, na kule kukataliwa ndiko kunakokuambia ukweli tarehe 12 badala ya tarehe 5. Hasara yake ni usiku wa kukimbiza mtoto hospitali huku salio ni 80. Wengine hujiondoa wakishaweka kwanza akiba ya 1,500 mahali pasipofikiwa kwa kidole kimoja. Wengine hubaki na kujiwekea mpaka: deni lisizidi 1,000 na lisivuke siku tatu, kwa kuwa hapo gharama ni ada ya kufuliza peke yake, shilingi 10 kwa kila elfu. Mpaka huo unashika kwa mtu anayejua siku kamili pesa itakapoingia. Kwa aliyezoea kufuliza tarehe 12, sidhani unashika mwezi wa kwanza. Wewe unajijua.

Na baba watoto. Hukuniambia ni mtu wa hasira au ni wewe tu unayeona haya, na majibu hayafanani. Kama unahofia vurugu, anza na mtu mwingine unayemwamini. Kama ni haya, jiulize anaposema mnajikimu vizuri anatumia hesabu ipi. Pengine anapanga vitu vya nyumba akidhani una 24,000 tarehe 5, kumbe una 18,497. Pengine angeweza kununua gesi yeye mwezi mmoja, na hizo 1,400 za tarehe 12, ambazo ndizo hufungua mlango kila mwezi, zisingechukuliwa. Wapo pia wanandoa wanaoona kila mmoja na mfuko wake, na huko pia kuna amani yake. Ukiamua kumwambia, nadhani itakuwa rahisi zaidi ukiwa na ile karatasi ya miezi mitatu mkononi: nimechukua kiasi hiki, nimelipa kiasi hiki, shimo ni 4,900 na mshahara wangu unatosha. Hayo ni mazungumzo tofauti na kusema nina deni la simu lisiloisha.

Tarehe 4 jioni, kabla ya mshahara, ingia Fuliza M-PESA kwenye `*334#` uandike deni lako kamili. Kesho yake ujumbe ukija, linganisha kilichokatwa na ulichoandika. Ukipenda niandikie tena na hizo namba mbili, na unieleze ni mlango gani umeubisha.